Jicho baya kwenye sahani ya samaki

Alhamisi ile tulikuwa watu 12 sebuleni kwa mama mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, na mabati yalikuwa bado yanatema joto la mchana. Ugali ulikuwa katikati ya meza. Pembeni palikuwa na samaki watatu aina ya ngege waliopikwa kwa nyanya na kitunguu, na bakuli la mboga ya osuga. Desturi ya kikundi chetu ni hiyo: mmoja anasoma Neno wakati chakula kinapakuliwa, tunaomba, kisha tunakula huku tukilijadili.

Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetafsiri mwenyewe kutoka Kiebrania, Mithali sura ya 23, mstari wa 6 hadi wa 8. Nilikuwa nimejibana nisiongeze neno wala nisipunguze. Nikasoma:

"Usile mkate wa mwenye jicho baya, wala usitamani vyakula vyake vitamu. Kwa maana anavyohesabu nafsini mwake ndivyo alivyo. Atakuambia, Kula, kunywa, lakini moyo wake hauko pamoja nawe. Tonge ulilokula utalitapika, na maneno yako matamu utayapoteza."

Nyanya aliyekaa karibu na mlango akapiga makofi mara moja, polepole. "Kumbe hata Biblia inamjua jasihoho," akasema.

Mama kijana aliyekuwa mbele yangu akaivuta sahani ya mtoto wake na kuifunika kwa leso. Hakuangalia popote. Hakuhitaji kuangalia, kwa maana kila mtu chumbani alijua ni nani mtaani anasemwa kwamba ana jicho. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kabati. Ni mjane anayeuza omena, na alikuwa amekuja na kikundi kwa miezi kadhaa bila mtu kumsemesha vibaya.

Alikuwa ameshanawa mikono. Akaifuta tena kwa kanga yake, akasema amekumbuka jiko, akatoka.

Hakurudi Alhamisi iliyofuata, wala ile nyingine.

## Nilichokisoma na walichokisikia

Kwa msomaji aliye mbali na ziwa: sihoho ni jicho linalodhuru chakula. Mwenye nalo, jasihoho, akikutazama unapokula, inaaminiwa kwamba tumbo litakukata na kuvimba, na chakula kitakwama ndani mpaka aitwe mtaalamu akuchanje na kukitoa. Ndiyo maana kuna nyumba ambazo mtoto hali mlangoni. Kwa majirani zetu Wakisii imani hiyo ipo kwa jina jingine.

Sasa urudie ile mistari mitatu ukiwa na imani hiyo kichwani. Chakula cha mtu mwenye jicho baya. Anakukaribisha kwa maneno mazuri. Halafu tonge linarudi kwa kutapika. Hakuna hata kiungo kimoja kilichokosekana. Wasikilizaji wangu hawakuwa wajinga wala hawakukosa umakini. Walisikiliza vizuri sana, wakaelewa kila neno nililolisoma, na walichokielewa hakimo kabisa katika Mithali.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba hatari ya tafsiri sisisi, ile ya neno kwa neno, ni kutoeleweka. Ukimwambia Mswahili kwamba Mungu ni "mrefu wa pua", ambavyo ndivyo Kiebrania kinavyosema katika Kutoka 34:6, erekh apayim, atakukazia macho asikuelewe. Pua kwa Waebrania ndiyo nyumba ya hasira. Hasira ikija pua inawaka moto, na mwenye pua ndefu anachelewa kuwaka. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ikaacha pua ikaandika "si mwepesi wa hasira", na sijawahi kusikia mtu akiilalamikia.

Kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe. Msikilizaji anakunja uso, anauliza, unamweleza, mnaendelea.

Langu halikujitangaza. Liliingia kwa urahisi kama maji kwenye mchanga, kwa sababu jicho baya kwa Kiswahili cha Nyalenda lilikuwa tayari na mwenyewe.

## Jicho la Waebrania

Nilirudi kwenye maandishi nikafanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya ile Alhamisi: kutafuta kila mahali jicho linapoitwa baya au jema, na kutazama ni tendo gani limewekwa karibu nalo.

Katika Kumbukumbu la Torati 15:9, Musa anawaonya watu kuhusu mwaka wa saba, mwaka wa kufutiana madeni. Ukikaribia, anasema, usije ukawaza kwamba mwaka umefika, jicho lako likawa baya juu ya ndugu yako maskini, usimpe kitu. Tendo ni kutokupa. Katika sura ya 28 ya kitabu hicho, mji umezingirwa na njaa imeingia, na mtu aliyezoea raha jicho lake linakuwa baya juu ya ndugu yake na mkewe hata asiwagawie alichonacho cha kula. Tena ni kutokupa. Katika Mithali yenyewe maneno ra ayin, mwenye jicho baya, yapo mara mbili tu. Moja ni hapa 23:6, na nyingine ni 28:22, ambapo mtu huyo anakimbilia mali asijue kwamba uhitaji unamjia.

Kisha kuna upande wa pili. Mithali 22:9 inamtaja tov ayin, mwenye jicho jema. Anabarikiwa kwa sababu gani? Kwa sababu amempa maskini sehemu ya mkate wake.

Jicho jema linakata mkate na kugawa. Jicho baya linaushikilia. Huyu si mchawi. Ni mtu mgumu wa kutoa.

Na ukisoma sura ya 23 tangu mwanzo, mambo yanazidi kuwa wazi. Mstari wa 1 unaanza na mtu aliyeketi kula na mtawala, akiambiwa aangalie kilicho mbele yake na ajizuie. Mstari wa 3 unasema usitamani vyakula vyake vitamu. Mstari wa 6, wetu huu, unarudia maneno yale yale ya Kiebrania: usitamani vyakula vyake vitamu. Ni adabu ya mezani mara mbili, kwanza kwa mkubwa, kisha kwa mchoyo.

Nilipofika hapo nilijiona nimemaliza. Kiebrania kinasema jicho baya, maana yake mchoyo, basi andika mchoyo.

Lakini nilikuwa nimeshawahi kujiona nimemaliza, na mama mmoja akatoka nje bila kula. Safari hii niliamua nijaribu kwanza.

## Majaribio manne

Wanaotafsiri Maandiko vijijini wana zoezi lao ambalo ni rahisi na lina ukali wake. Unamsomea mtu ambaye hajawahi kuliona andiko lako, unafunga daftari, unamwambia akusimulie alichosikia kwa maneno yake. Humuulizi kama ameelewa, maana kila mtu atakuambia ameelewa. Simulizi lake ndilo linalokuonyesha umeandika nini hasa.

Nilichukua watu wanne, kila mmoja peke yake: kijana wa bodaboda, mwalimu wa chekechea, fundi wa cherehani pale Kibuye, na yule nyanya wa mlangoni.

"Jicho baya" sikulisoma tena. Jibu lake nilikuwa nalo.

Nilianza na Biblia ya Muungano, inayosema "Usile mkate wa mtu mwenye husuda". Hapa nilipata mshangao wangu wa kwanza, kwa sababu nilidhani kwamba mtafsiri akishaachana na neno kwa neno amevuka salama. Kijana wa bodaboda akasema, "Huyo anakuonea wivu." Nikamuuliza, wivu wa nini, na yeye ndiye mwenye nyumba na chakula? Akafikiri, akasema, "Labda wivu wa afya yako. Ndio maana unatapika." Fundi naye alifika mahali hapo hapo. Kwetu husuda na jicho ni watoto wa nyumba moja. Tunasema jicho la husuda, tunasema kijicho. Tafsiri ilikuwa imeiacha sura ya neno ili ishike maana, lakini maana iliyoishika ilikuwa ni ile ya jicho la Waswahili. Jicho la Waebrania lilibaki pale pale.

Mwaka 1964 Eugene Nida, mtaalamu wa tafsiri ya Biblia, alizitofautisha tafsiri mbili, inayofuata umbo la maandiko na inayotafuta msikilizaji wa leo aguswe kama alivyoguswa wa kwanza. Tangu nilipomsoma nilikuwa nikizichukua kama njia mbili ambazo mtu anachagua moja akapumzika. Huyu "mwenye husuda" alinionyesha kwamba ile ya pili nayo inaweza kukupoteza, tena ukiwa na uhakika zaidi kwamba umefika.

Jaribio la pili: "Usile chakula cha mtu mchoyo."

Hapo uchawi uliondoka kabisa. Wote wanne walinisimulia habari ya chakula na roho ngumu. Nikashusha pumzi. Kisha mwalimu wa chekechea akaniuliza swali ambalo nililibeba hadi nyumbani: "Lakini Mwalimu, mchoyo si hakuiti? Mchoyo anakula amefunga mlango. Huyu amekuita, amepika vitamu, anakuambia kula, kunywa. Ni mchoyo gani huyo?"

Alikuwa na haki. Mchoyo wa Kiswahili ni yule anayesukuma sufuria chini ya kitanda akisikia hodi. Bahili ni wa fedha zaidi. Mkono wa birika naye hatoi kitu. Mtu wa Mithali 23 anatoa. Shida yake ni kwamba mkono unapakua huku jicho linafuata kila kinachoondoka.

Kwa hiyo jaribio la tatu lilitoka kwenye Kiebrania chenyewe. Mstari wa 7 una kitenzi sha'ar, ambacho ni adimu mno na wataalamu wanakigombania hadi leo. Wengi wanakisoma kama kupima au kukadiria: anavyokadiria nafsini mwake ndivyo alivyo. Wafasiri wa kale walioipeleka Mithali kwenye Kiyunani walizisoma konsonanti zile zile kuwa unywele, kama mtu anayemeza unywele. (Ukikumbuka kwamba nefesh, ndugu wa neno letu nafsi, kwa Kiebrania huweza pia kuwa koo, usomaji huo hauchekeshi. Unywele kooni, na mstari unaofuata unatapika.) Mimi nilibaki na kukadiria, kwa sababu nilikuwa nimemsikia mama yangu mzazi mara nyingi akimsema jamaa fulani kwamba kwake hakuliki, anakuhesabia matonge.

Anakuhesabia matonge! Kila kitu kilikuwa humo. Chakula kimetolewa, maneno ni mazuri, hesabu inaendelea kichwani. Na mstari wa 8 unalitaja tonge lenyewe.

"Usile chakula cha mtu anayekuhesabia matonge."

Nyanya alicheka hadi akashika goti. Akanisimulia harusi moja ya zamani huko Kano, nyama ilikuwa tele, na mwenye shughuli alisimama mlangoni akitazama kila mkono unaoingia kwenye bakuli. "Tulikula," akasema, "lakini haikushuka." Sikuwa nimemsomea bado mstari wa kutapika.

## Kilichopotea

Ningeweza kuishia hapo, na kwa usomaji wa sauti niliishia hapo. Ila kwenye daftari kuna kitu kilinisumbua.

Mithali inapanga maneno kama fundi anavyopanga shanga. Mwenye jicho jema yuko 22:9, na mkate mkononi. Mwenye jicho baya yuko 23:6, na mkate huo huo, lekhem. Kati yao, mstari wa 5 wa sura ya 23 unamuuliza msomaji kama atayarusha macho yake kwenye mali ambayo mara hiyo haipo, na Kiebrania kinacheza hapo kwa sauti, einekha na einenu, macho yako na haipo. Jicho linapita katika sura hizi kama uzi. Nikiandika mkarimu hapa na mwenye kuhesabu matonge pale, kila mstari unasema kweli yake, lakini uzi umekatika na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba uliwahi kuwepo.

Cha ajabu ni kwamba Biblia ya Muungano yenyewe ilikuwa imenionyesha mlango, na nilikuwa nimepita hapo mara kadhaa bila kuuona. Kwenye 22:9 haikuandika "jicho jema" wala "mkarimu". Iliandika "mwenye jicho la ukarimu". Kiungo kimebaki, na pembeni yake limewekwa neno moja linaloziba njia ya maana nyingine.

Basi kwa nini 23:6 isiwe "mwenye jicho la choyo"?

Hilo likawa jaribio la nne. Kijana, mwalimu na fundi walisimulia sawasawa. Nyanya alinyamaza kidogo. "Ni mchoyo," akasema. "Lakini bado umesema jicho, na umesema chakula." Kwa mtu wa umri wake na mtaa wake, neno moja halitoshi kuziba. Kwa hiyo ninayo tafsiri mbili za mstari mmoja. Ya kusoma kwa macho ina jicho la choyo. Ya kusomea watu walio mezani ina matonge. Sioni aibu kuwa nazo mbili.

## Shingo na viuno

Tangu hapo nimekuwa nikivipima viungo vingine kwa swali lile lile: kiungo hiki kwa Kiswahili kimeshakaliwa na nani?

Shingo ilikuwa tupu, au karibu na tupu. Kutoka 32:9 inawaita Israeli kshe oref, wagumu wa ukosi, pale nyuma ya shingo. Tafsiri ya Muungano ikaandika "wenye shingo ngumu", neno kwa neno, na likakaa. Sisi kwa kawaida tungesema kichwa ngumu, lakini kichwa ngumu ni pia mtoto asiyeshika hesabu. Shingo ngumu haikuwa na mzigo huo. Na kule Kano, aliyewahi kulima na ng'ombe haulizi. Nimesimama shambani nikatazama dume likiwekwa nira kwa mara ya kwanza. Halipigi teke. Linakaza tu ukosi, misuli inasimama kama kamba, nira inabaki juu juu, na mwenzake aliyezoea anavutwa pembeni pamoja na jembe. Waebrania walikuwa wakulima wa ng'ombe. Picha ilitoka shambani ikaingia shambani. Hapa tafsiri sisisi haikuharibu kitu, imetupa neno ambalo hatukuwa nalo.

Viuno ni habari nyingine. Yeremia 17:10 kwa Kiebrania inasema Mungu anauchunguza moyo na kuzijaribu kelayot, yaani figo. Biblia ya Muungano inasema "navijaribu viuno". Msomee kijana yeyote wa Kisumu mstari huo umtazame usoni. Viuno vimekaliwa na ngoma. Lakini ukirudisha figo utamkuta daktari ameshakaa humo. "Figo zangu zinanionya usiku" ni sentensi ya mtu anayepelekwa hospitali, na hivyo ndivyo Zaburi 16:7 inavyosema kwa Kiebrania.

Figo za Waebrania zilikuwa mahali pa siri. Ukichinja mnyama huzioni mpaka uondoe mafuta yanayozifunika, na Walawi 3 inazitaja hivyo hivyo, figo mbili na mafuta yaliyo juu yake, zinazoteketezwa madhabahuni. Ndiyo maana ni Mungu tu anayezijaribu. Kwenye Zaburi 16:7 watafsiri walikuwa na bahati ya neno zuri, "mtima wangu umenifundisha usiku". Mtima ni neno la kale, la washairi, nalo halina ngoma wala kliniki. Natamani wangelitumia kwa Yeremia pia.

Ila hata mtima hautoshi kila mahali. Zaburi ya 73, mstari wa 21, mshairi anasema figo zake zilichomwa, ni maumivu ya kuona waovu wakistawi. Mtima hauchomi hivyo. Kiswahili kina kiungo chake cha maumivu ya namna hiyo, na ni ini. Maneno makali tunasema yanakata maini. "Nilikatika maini" inasema kile ambacho mshairi alisema, kwa ukali ule ule, na bado ni kiungo cha ndani kilicho karibu na figo. Kiebrania kina kiungo kimoja, Kiswahili kinakihitaji mara mtima, mara maini. Nimejaribu kuvipatanisha vyote katika neno moja na nimeacha.

## Jumamosi

Nilikaa na majaribio yangu wiki tatu kabla ya kwenda kwa yule mama. Najua kwa nini nilichelewa. Kurekebisha mstari ilikuwa rahisi kuliko kubisha hodi.

Nilimkuta uani, omena ameimwaga kwenye wavu, anatoa vijiwe na dagaa waliovunjika. Nikasalimia, nikapewa kigoda. Nilimweleza kwamba maneno niliyoyasoma siku ile niliyatafsiri vibaya, kwamba kosa ni langu, na kwamba nimeshawaambia wenzetu hivyo, mbele yao wote, Alhamisi iliyopita.

Vidole vyake havikuacha kuchambua. "Kwa hivyo huko kwa Waebrania inasemaje?"

"Inasema mtu anayekupa chakula huku anakuhesabia matonge."

Alitafakari. "Huyo namjua," akasema. "Si mimi."

"Si wewe, mama."

Aliinuka akaingia ndani. Nilisikia sufuria, kisha kisu kikikata ugali. Akaleta sahani yenye ugali na omena ya kukaanga, na maji ya kunawa, akaniwekea kwenye kigoda kingine. "Kula, Mwalimu." Yeye akarudi kwenye wavu wake, akakaa akiwa amenipa mgongo.

Nilidhani ni hasira. Nilikula matonge mawili ndipo nikaona jinsi alivyokaa, shingo imegeuka upande wa ukuta, kama mtu aliyezoea. Ni mkao wa miaka mingi. Mtu akila, yeye anatazama ukuta.

"Mama," nikamwambia, "geuka tuongee. Siwezi kula nikiongea na mgongo."

"Kula kwanza."

"Nitakula ukinitazama."

Palikuwa na mtoto wa jirani kwenye ua, na mama yake kwenye kamba ya nguo, wote wawili wanatuona. Alikaa hivyo kwa muda, mkono ukiwa juu ya omena. Kisha akageuza kigoda chake taratibu, akaniangalia usoni, akaangalia sahani yangu, akaangalia tonge mkononi mwangu mpaka likaingia kinywani.

"Imepungua chumvi," akasema, akanyanyuka kwenda kuileta.